Densiti ikizidi 1 kuna kosa?

Swali: Ticha naomba msaada. Muda wa kusubiri basi kwa saa una densiti f(x) = kx, x kuanzia 0 hadi 1, kwingine 0. Nilipata k = 2 ila mtu wa tuisheni akasema haiwezekani, f(1) inakuwa 2 na probabiliti haizidi 1, eti niweke k = 1. Nikapata wastani 1/3 na variansi 5/36, kitabu kinasema 2/3 na 1/18. Nani kakosea?

Jibu: Huyo wa tuisheni, na hili la "haizidi 1" naletewa kila muhula mpaka limenichosha. f(x) sio probabiliti jamani, ni kimo cha grafu tu, probabiliti ni eneo chini yake na eneo lote ndo lazima liwe 1. Hapa eneo ni pembetatu, kitako 1 kimo k, yaani k/2, so k = 2 basi. Ukitaka kuamini geuza saa ziwe dakika: densiti inakuwa x/1800 toka 0 hadi 60, kimo cha juu kabisa ni 1/30. Basi ni lilelile, kusubiri ni kulekule, kimo kimeshuka toka 2 hadi 1/30 na eneo limebaki 1.

Sasa hesabu yako:

```
E(X)   = ∫ x·2x dx  = 2/3
E(X²)  = ∫ x²·2x dx = 1/2
Var(X) = 1/2 − (2/3)² = 1/18
```

Yaani wastani dakika 40, na mzizi wa variansi ni kama dakika 14. Wewe ulipata dakika 20, na hapo ungeshtuka hata bila kitabu, grafu inapanda kuelekea 1, uzito mwingi uko kulia, wastani utaangukaje kushoto ya nusu?

Ubaya wa k = 1 ni kwamba haipigi kelele. Eneo ni nusu, wastani unatoka nusu ya ule wa kweli, ila variansi haipungui kwa nusu, inapanda hadi 5/36 maana wastani uliopungua unapigwa skwea kabla ya kutolewa. Namba inaonekana nzuri tu, chanya, unaendelea na swali.

Eneo likizidi 1 angalau unaweza kupata dalili. Weka k = 3: eneo 1.5, E(X) = 1, E(X²) = 3/4, variansi −1/4. Variansi hasi haipo, ukiiona rudi kwenye eneo kwanza. Ila usifute tu hiyo minasi ukaandika 0.25, maana 0.25 hiyo ni zaidi ya mara nne ya jibu lenyewe.