Mlinganyo ni wa aina gani, na wapi?

*“Mwalimu, kwenye tasnifu niandike ‘mlinganyo wa duaradufu’ au ‘mlinganyo wa kieliptiki’? Mlinganyo wangu, y·u_xx + u_yy = 0, nimeshaandika kwamba ni wa hipabola.”*

Andika “wa aina ya duaradufu”. Neno “aina” usiliache, kwa sababu “mlinganyo wa duaradufu” ni ule wa mchoro wenyewe, x²/a² + y²/b² = 1. Majina elipsi, yaani duaradufu, parabola na hipabola, asili yake ni Kigiriki: kupungua, kulingana, kuzidi. Yaliazimwa kwa sababu alama ya B² − AC, inayotenganisha michoro hiyo, ndiyo inayotenganisha pia milinganyo ya A·u_xx + 2B·u_xy + C·u_yy. Ikiwa hasi ni duaradufu, sifuri ni parabola, chanya ni hipabola.

Linaloniudhi ni hiyo “ni wa hipabola” isiyotaja mahali. Naikuta katika tasnifu baada ya tasnifu, na ni kosa la lugha na la hesabu kwa pamoja. A, B na C zikiwa namba tupu, sawa, aina ni moja kila mahali. Kwako A ni y! B ni 0, C ni 1, basi B² − AC = −y. Chini ya mhimili wa x ni hipabola, juu yake ni duaradufu, na kwenye mhimili wenyewe ni parabola. Huo ni mlinganyo wa Tricomi, Mwitalia aliyeuchambua mwaka 1923 kwa sababu hiyohiyo ya kubadilika aina.

Tazama kauli yako inavyovunjika unapotafuta umbo sanifu. Mistari bainifu inatoka kwenye y·dy² + dx² = 0, yaani dx = ±√(−y)·dy. Kipeuo hicho ni namba halisi pale tu y isipozidi sifuri. Ukiwa chini ya mhimili, chukua

ξ = x + ⅔(−y)^(3/2), η = x − ⅔(−y)^(3/2)

Badilisha vigeu, u_ξξ na u_ηη zinafutana, unabaki na

u_ξη = (u_ξ − u_η) / [6(ξ − η)]

Wengi husahau kwamba ξ na η zina derivativu ya pili kwa y, wakaandika u_ξη = 0 kana kwamba ni mlinganyo wa wimbi. Upande wa kulia umetoka hapo. Tena ona kigawanyo: kwenye mhimili ξ = η, kinakuwa sifuri, na umbo lako halifanyi kazi tena.

Juu ya mhimili weka α = x na β = ⅔y^(3/2), upate u_αα + u_ββ + u_β/(3β) = 0. Ni umbo jingine kabisa, la mlinganyo uleule uliouita “wa hipabola”.

Kwa hiyo futa sentensi yako, uandike: “Mlinganyo huu ni wa aina ya hipabola pale y < 0, wa aina ya duaradufu pale y > 0, na wa aina ya parabola kwenye y = 0.” “Kieliptiki” sigombani nayo, mradi useme wapi.