Nomino Ndiyo Ichague Kitenzi Chake

Katika kazi yangu ya kuhariri ripoti na kumbukumbu za mikutano, kosa ninalolisahihisha mara nyingi zaidi ni la mwandishi kukitumia kitenzi "fanya" kwa kila nomino inayomjia. Sentensi kama hii hunijia mara kwa mara: "Kamati ilifanya uamuzi wa kuchukua kura, kisha mwenyekiti akafanya hotuba na kufanya saini kwenye mkataba." Inaeleweka, lakini haisomeki vizuri, kwa sababu nomino zake zimetenganishwa na vitenzi vilivyozizoea. Kura hupigwa, hotuba hutolewa na saini hutiwa.

Ninaposahihisha sentensi ya namna hiyo, huanza na nomino, kisha hujiuliza ni nani anayetenda. Uamuzi ni mfano mzuri. Jaji hutoa uamuzi, kwa kuwa watu wengine wanausubiri kutoka kwake. Wajumbe waliojadiliana kwa muda mrefu hufikia uamuzi, ilhali mtu aliyekuwa akisitasita moyoni hukata shauri. "Kufanya uamuzi" si kosa, ila hakutuonyeshi lolote kati ya hayo. Na pale ambapo hakuna la kuonyesha, "kuamua" peke yake kunatosha. Kwa hiyo sentensi ya kamati huiandika hivi: "Kamati iliamua kupiga kura, kisha mwenyekiti akatoa hotuba na kutia saini mkataba."

Uangalifu zaidi unahitajika pale nomino moja inapokubali vitenzi viwili vyenye maana tofauti. Shirika lililochukua hatua limetenda jambo ili kutatua tatizo. Lililopiga hatua limeendelea kuliko lilivyokuwa. Anayeandika kwamba "halmashauri imepiga hatua dhidi ya uchafuzi wa mto," huku akikusudia kwamba waliochafua wametozwa faini, amebadilisha habari yenyewe, na msomaji hana njia ya kulitambua kosa hilo kwa sababu sentensi ni sanifu kabisa.

Nakushauri pia ukumbuke kwamba jozi hizi za nomino na kitenzi hazigeuziki zote kwa usawa kuwa umbo la kutendwa. Tunasema "rufaa imekatwa" bila shida, kama tunavyosema "picha imepigwa." Lakini aliyekata tamaa hatumwandikii kwamba "tamaa imekatwa naye", tunasema amekatishwa tamaa, na aliyemfanya hivyo akatajwa. Vivyo hivyo, waziri hula kiapo, lakini ukitaka kumtaja anayesimamia tendo hilo utaandika kwamba waziri ameapishwa na Rais. Kwa sababu hiyo, katika daftari langu siandiki "kata" na orodha ndefu chini yake. Huandika nomino kwanza, kisha sentensi nzima yenye mtendaji, na chini yake umbo la kutendwa linalokubalika.