Anayesema ni nani?

"Mashairi ya mawaidha kwa vijana, mbona nayasikia kama mahubiri tu?"

Ndugu yangu, mtafute kwanza anayesema. Mwana Kupona, mshairi wa kisiwa cha Pate, alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na kabla ya wasia wowote anamwita bintiye asogee na wino na karatasi. Ukiruka ubeti huo, maagizo ya kusema kweli na kutunza nyumba yanabaki amri kavu. Hapa Moshi nilimsomea mpwa wangu anayeuza nyanya Mbuyuni, polepole, nikitua kila baada ya mizani nane. Katikati akaniuliza, "Mjomba, huyo mama alipona?" Hakupona, alifariki takriban 1860. Baada ya hapo mpwa wangu akaomba nirudie tangu mwanzo. Ila mafundisho ya kumtii mume ni ya Pate ya zama zile, yasome hivyo.