Niliirudia ile Picha ya Maembe, Nikaona Nilichokuwa Nimekosa

Huuza sharubati na matunda ya kukatwa hapa Kondele, Kisumu. Maembe mengi huagiza kwa simu: broka anatuma picha kwenye WhatsApp, mimi natuma pesa, mzigo unapanda basi la usiku. Januari moja nilitumiwa picha ya kreti ya maembe ya epo, yale ya duara yenye wekundu shavuni. Yote yalikuwa manjano kama kiini cha yai, na yaling'aa. Chini yake kaandika: "Mama, hii mali imeivia mtini." Nikalipia kreti 3.

Nilipokata la kwanza, kisu kilikwama kama kwenye kiazi. Nyama ilikuwa nyeupe hadi kwenye kokwa na kali kama ndimu. La pili hivyo hivyo. Jioni, hasira zilipopoa, nikaifungua tena ile picha na kuikuza kwa vidole. Karibu kila nilichokuja kukijua kwa kisu kilikuwa humo.

Cha kwanza ni mabega. Embe likikomaa, mashavu hujaa na mabega huinuka juu ya pale kikonyo kilipoingia, hata kikonyo kikaonekana kimekaa kwenye kishimo. Embe changa mabega yake huteremka kutoka kikonyoni kama paa la nyumba. Gesi ya kuivishia matunda inaweza kuligeuza ganda likawa manjano kwa siku chache, ila haiwezi kulijaza embe mashavu likishachumwa. Katika picha yangu, maembe manne ya mstari wa mbele yalikuwa na mabega ya paa. Kwa hiyo siku hizi nalitazama umbo kabla ya rangi. (Ngowe, kwa kuwa ni refu, hili halionekani vizuri kwake, kwa epo na kenti linaonekana.)

Halafu rangi. Wekundu wa shavuni nauacha kando kabisa, kwa sababu huo huletwa na jua lililopiga upande ule embe likiwa bado mtini. Embe changa linaweza kuwa jekundu vizuri tu. Rangi ya kutazama ni ile iliyo nyuma ya wekundu, inayotoka kijani kwenda manjano. Maembe yaliyochumwa siku moja shambani hayaivi kwa mwendo mmoja: kreti ya kawaida ina lililotangulia, lililo nusu, na lililo kijani. Kreti nzima ikiwa na rangi moja, yameivishwa pamoja.

Kuivishwa pamoja si lazima iwe kwa kabaidi. Kuna wanaotumia ethilini kwenye vyumba maalumu, na ethilini ndiyo gesi ambayo tunda lenyewe hutoa linapoiva. Kabaidi ni yale mawe ya kijivu ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Ikikutana na unyevu hutoa asetilini, gesi inayoiga kazi ya ethilini, na mabaki yake ni chokaa. Ubaya ni kwamba ile ya viwandani huweza kubeba aseniki na fosforasi. Wanaoitumia huifunga kwenye vipande vya karatasi na kuipachika katikati ya matunda. Ndiyo maana alama ya kutafuta pichani ni mabaka: embe lina manjano kali upande mmoja, upande wa pili kijani kibichi, na mpaka kati yao ni wa ghafla, kwa sababu upande ule ulikuwa karibu na kifurushi. Wakati mwingine utaona pia vumbi la kijivu au jeupe kwenye mikunjo ya kikonyo, au doa la kuungua. Kwenye kona ya picha yangu kulikuwa na embe moja la namna hiyo, nami nilidhani ni kivuli.

Na si ajabu nilidhani hivyo, maana mwanga ndio mwongo mkubwa wa picha za matunda. Balbu ya manjano ghalani hulifanya embe la kijani lionekane limeanza kuiva. Flashi hufuta mabaka. Matunda yaliyonyunyiziwa maji hung'aa kama yamepakwa nta. Kwa hiyo siku hizi huomba picha tatu, na nimeshazoea kuambiwa nina maringo. Ya kwanza ipigwe kivulini mchana, bila flashi, karatasi nyeupe ikiwa kando ya matunda. Karatasi ikitoka manjano, basi sehemu ya manjano ya embe ni ya taa. Ya pili ni matunda yale yale, yamepanguswa kwa kitambaa kikavu, na mpigaji amesogea hatua moja pembeni. Nikiweka picha hizo mbili pamoja, mng'ao unahama na simu, lakini baka la rangi linabaki pale pale kwenye ganda. Hapo ndipo unatenganisha mwanga na tunda.

Mng'ao wenyewe una namna mbili. Ganda la embe lisilopakwa kitu lina utando hafifu kama vumbi, na mwanga juu yake hutawanyika ukawa wingu lisilo na kingo. Lililopakwa nta au mafuta huonyesha doa jeupe lenye kingo kali; mara nyingine unaona hata umbo la dirisha au balbu. Tena mkono haupaki sawasawa: panang'aa hapa, panafifia pale, na nta hujikusanya kuzunguka kikonyo. Ila usimshtaki mtu kwa mng'ao peke yake. Matofaa yanayotoka Afrika Kusini kwa kawaida hupakwa nta ya kuliwa ili yasinyauke, na tofaa lina nta yake ya asili inayong'aa ukilisugua kwenye nguo. Kwangu mng'ao ni sababu ya kuuliza swali tu: kwa nini broka apake mafuta embe la kreti ya kawaida?

Picha ya tatu ndiyo inayokata maneno: embe moja, nilichague mimi kwenye picha ya kwanza, lipasuliwe hadi kwenye kokwa. Nyama ya embe huanza kugeuka manjano kutoka kokwani kwenda nje. Embe lililokomaa, hata ganda likiwa kijani, lina manjano karibu na kokwa. Ganda manjano na nyama nyeupe kokwani, hilo lilichumwa changa, liwe limewekewa kabaidi au kitu kingine. Picha haithibitishi kabaidi, wala haina harufu, ingawa kreti la kabaidi mara nyingi hunuka kama kitunguu saumu ukilifungua.

Kwenye ndizi mbinu hizi hazinisaidii sana. Watu husema ndizi ya manjano yenye kikonyo cha kijani ni ya kabaidi, lakini ndizi zote huchumwa mbichi, na iliyoivishwa kwa ethilini vizuri huwa na kikonyo cha kijani vile vile kwa siku moja au mbili.

Mwezi uliofuata broka mwingine alinitumia picha ya maembe mabaya kwa macho: kijani, utando wa vumbi, utomvu umekauka mashavuni. Lakini mabega yalikuwa yameinuka. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nipasulie lile la tatu kutoka kushoto." Akacheka kwa sauti, akapasua. Kuzunguka kokwa kulikuwa na manjano. Nikachukua kreti 2, nikazifunika kwa gunia pamoja na ndizi mbivu chache, na siku ya nne nikaanza kukamua.