Alama ya mahali ndani ya picha

«Nikituma picha ya nyumba yangu kwa WhatsApp, mtu anaweza kujua niko wapi?»

Ukiituma kama picha ya kawaida, hapana: WhatsApp inaibana upya na namba za GPS zinazoonyesha mahali hazitoki kwenye simu yako. Lakini ukiituma kama Document, faili linaondoka zima, na saa, aina ya simu, hata mahali uliposimama kama kamera iliruhusiwa kuweka mahali. Kwa hiyo anayesema WhatsApp inafuta kila kitu yuko sawa nusu tu. Mimi nilimtumia dada yangu wa Bukavu picha ya nyumba yetu ya Himbi, Goma, kwa Document, ili isififie. Aliifungua kwenye kompyuta, akaweka zile namba kwenye ramani, ikamleta mpaka langoni petu. Niliogopa kweli.

Ukitaka kuondoa hizo namba kwa simu, piga skrinshoti ya picha, utume hiyo. Kwa kompyuta, tumia programu ya exiftool:

```
exiftool -all= nyumba.jpg
```

Angalia tu: faili la zamani linabaki kando kwa jina nyumba.jpg_original, usije ukatuma hilo. Na kibao cha duka kinachoonekana nyuma ya ukuta hakifutiki kwa njia hizi, hicho ukikate mwenyewe.