Barua kwa mzazi wa mwanafunzi aliyekutwa na kikaratasi

"Wakuu, mimi ni mwalimu wa taaluma shule ya sekondari, nina miezi minne tu kwenye nafasi hii. Juzi mwanafunzi wa kidato cha tatu kakutwa na kikaratasi kwenye mtihani wa muhula. Mkuu anataka niandike barua kwa mzazi, ieleze utaratibu na namna ya kukata rufaa. Naanzaje?"

Mwalimu, kwanza niambie: kamati ya nidhamu imeshakaa? Kama bado, maneno "amefanya udanganyifu" yasiwemo kwenye barua hiyo. Andika "anatuhumiwa". Nasema hivyo kwa sababu mimi niliwahi kukosea hapohapo.

Ilikuwa mtihani wa Kemia, kidato cha tatu pia. Msimamizi aliokota kikaratasi chini ya dawati la binti mmoja, kimekunjwa mpaka kinaenea kwenye kiganja, kimejaa valensi na fomula. Akakitia mfuko wa shati, akamtoa binti nje, akaniletea wakati wa chakula. Alasiri ileile nikaandika barua ya mistari minne: mwanao ameiba mtihani, amepewa sifuri, ufike shuleni Jumatatu. Mkuu akasaini, mhuri ukagongwa.

Jumatatu akaja baba yake, fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Akaweka mezani barua yangu na daftari la Kemia la mwanawe. "Mwalimu, hicho kikaratasi mnacho?" Nikakitoa. Akakilaza kando ya daftari. Mwandiko wa daftarini ulikuwa umelala kulia, mikia ya herufi mirefu. Wa kwenye kikaratasi umesimama kama wa chapa. Kisha akauliza, "Kiliokotwa saa ngapi, na nani mwingine alikiona?" Sikuwa na jibu. Binti hakuwa ameandika maelezo yoyote, kamati haikuwa imekaa, na mimi niliyetoa sifuri ndiye niliyekuwa katibu wa kamati hiyo.

Suala likafika bodi ya shule, likaturudia: sifuri ifutwe, mtoto atungiwe mtihani mwingine. Kama alidesa au la, mpaka leo sijui. Mwandiko wa mtu mwingine haumsafishi mtu, maana vikaratasi huazimana. Lakini sisi tulishindwa kuonyesha hata kwamba kile kilikuwa chake.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni jalada. Msimamizi aandike taarifa siku hiyohiyo: somo, chumba, dakika aliyoona, alichoona kwa macho yake na mahali kitu kilipokuwa (mkononi, chini ya karatasi ya majibu, au sakafuni; tofauti yake ni kubwa). Kikaratasi kiingie kwenye bahasha, walimu wawili wasaini juu ya gundi. Mwanafunzi naye aandike maelezo kwa mkono wake, hata kama anakana. Wasimamizi wako uwafundishe kwamba mtoto hatolewi nje: achorewe mstari wa kalamu nyekundu alipofikia, saa iandikwe pembeni, kisha aendelee mpaka mwisho. Ukiulizwa baadaye ni majibu yapi yaliandikwa kabla, mstari utakujibu.

Tangu tukio lile barua yangu ilikuwa hivi, na unaweza kuichukua:

"Mzazi/Mlezi wa (jina), kidato cha tatu B. Tarehe ... saa 3:40 asubuhi, katika mtihani wa Kemia, msimamizi alieleza kuwa alikuta kikaratasi chenye maandishi ya somo hilo chini ya karatasi ya majibu ya mwanao. Mwanao ametoa maelezo yake kwa maandishi. Nakala ya taarifa ya msimamizi, ya maelezo hayo na ya kikaratasi zimeambatishwa. Karatasi yake itasahihishwa kama za wenzake, ila alama zimezuiliwa hadi uamuzi utakapotolewa. Kamati ya nidhamu itakaa tarehe ... saa 4:00 asubuhi. Unaombwa ufike pamoja naye, na mtapewa nafasi ya kusema na kuuliza maswali. Katika kipindi hiki anaendelea na masomo kama kawaida."

Hapo hakuna hukumu wala ushauri wa malezi. Wakuu wengine hupenda kuongeza aya ya kuhuzunishwa na maadili ya vijana wa siku hizi. Mtoe huko kwa adabu, maana aya hiyo ndiyo mzazi atakayoisoma kwa sauti mbele ya bodi kuonyesha kwamba mlishaamua.

Rufaa usiimalizie kwenye barua ya kwanza. Gusia tu kwamba ipo. Mahali pake hasa ni barua ya pili, inayopeleka uamuzi wa kamati. Humo eleza kamati iliona nini, imeamua nini na kwa sababu ipi. Halafu andika anayepokea rufaa kwa cheo chake: mwenyekiti wa bodi ya shule, kupitia ofisi ya mkuu, kwa maandishi, ndani ya siku ambazo kanuni za shule yenu zimetaja. Kama kanuni zenu zimenyamaza, mwombe mkuu na bodi waziweke kabla barua haijatoka, maana "mapema iwezekanavyo" si muda. Sisi tuliweka siku 14. Mweleze pia mzazi anaweza kusimamia nini: kwamba ushahidi hautoshi, kwamba utaratibu ulirukwa, au kwamba adhabu imezidi kosa. Mzazi asiyejua hilo huandika kurasa tatu za kuomba huruma, na bodi inakosa cha kuamua. Akiwa hajaridhika na bodi, ofisi ya elimu ya halmashauri ipo, na barua itaje hivyo bila kuona haya.

Jambo moja huharibu rufaa nyingi: aliyeamua mwanzo anakaa tena kusikiliza. Mkuu kwa kawaida ndiye katibu wa bodi. Basi aeleze upande wa shule, ajibu maswali, kisha atoke wajumbe wanapoamua. Tulipoanza kufanya hivyo mkuu wetu alinuna wiki nzima, lakini rufaa iliyofuata alishinda, na mzazi hakuwa na la kusema.

Adhabu nayo isitangulie. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Mtoto akishachapwa kabla ya kamati, kikao chenu kinabaki maigizo.

Yote haya ni kwa mitihani yenu ya ndani. Ingekuwa mtihani wa taifa, shule haina alama ya kufuta wala kurudisha; mwenye mamlaka hayo ni Baraza la Mitihani la Tanzania, na barua yenu ingekuwa ya kumjulisha mzazi tu kwamba taarifa imepelekwa. Usiahidi chochote hapo.

Mkuu akitaka pia barua ya wazazi wote wa kidato hicho, iwe fupi: kanuni za chumba cha mtihani, basi. Ukiandika "mwanafunzi mmoja wa mkondo B" umeshamtaja, maana watoto wenyewe walikuwepo.

La mwisho ni namna barua itakavyofika. Usimpe mwanafunzi aipeleke. Mpigie mzazi simu, aje aichukue, asaini kwenye dispachi na tarehe, maana siku za rufaa zinahesabiwa kutoka hapo. Barua yangu moja ilikaa siku 11 ndani ya begi la mwanafunzi, chini ya viatu vya michezo, na mama yake aliisoma zikiwa zimebaki siku tatu.