Kabla Hujasema Kabichi Imekataa, Itazame Sufuria

Wiki hii mwalimu wa fildi amenijia maabara na testityubu mkononi, uso umemkunjamana: "Dada, ndimu imegoma. Nimeweka matone mawili, bado bluu." Nikamuuliza juisi ya kabichi nyekundu, ile tunayopimia asidi na besi kwa rangi, kaichemshia wapi. Kwenye sufuria ya jikoni, akasema, na maji ya bomba. Nikaketi. Kosa hilo nalijua kwa undani, maana nililifanya nikiwa kidato cha pili, na miaka yote hii ya kuandaa vitendo vya kemia nimewaona wadogo zangu wakilirudia. Naandika ili ninyi walimu mlisome kabla ya kukata kabichi.

1. Anza na juisi ambayo haijaguswa na kitu kingine. Robo ya kabichi nyekundu ndogo, ikatwe nyembamba kabisa, iwekwe kwenye bika au bakuli la kioo, imwagiwe nusu lita ya maji ya mvua au yaliyotoneshwa yakiwa yamechemka. Iache robo saa, chuja. Juisi safi ni ya zambarau. Ikitoka bluu, usiendelee, kuna kitu kimeingia.

Mimi niliendelea. Kabichi yangu niliinunua soko la Kilombero, Arusha, kwa hela ya nauli, kwa sababu karatasi za litmasi shuleni zilikuwa zimekwisha na nilitaka kiashiria changu mwenyewe. Jioni nyumbani nikachukua sufuria ya alumini iliyopikiwa makande mchana. Makande ya kwetu hutiwa magadi ili mahindi yaive upesi. Niliisuuza mara moja tu, ukingoni mkabaki utando mweupe ambao niliuona kwa macho yangu nikaupuuza. Juisi ikatoka bluu inayoelekea kijani, nzuri ajabu. Nikaandika kwenye daftari: "Rangi ya asili ya kabichi ni bluu."

Kesho yake nikaweka mililita 5 kwenye testityubu na kutia matone mawili ya ndimu. Bluu. Tone moja la siki kwenye testityubu nyingine. Bluu. Kitabu kilisema asidi hugeuza juisi ya kabichi kuwa nyekundu, na muda wa kipindi ulikuwa unaisha. Basi nikajaza jedwali. Ndimu: nyekundu. Siki: nyekundu. Maji ya sabuni: kijani. Niliandika rangi ambazo sikuziona. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba ilikuwa rahisi vile.

Mwalimu wetu alipita, akasoma jedwali, akatazama rafu yangu yenye testityubu za bluu tupu. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, nionyeshe hiyo nyekundu." Sikuwa na nyekundu ya kuonyesha. Darasa zima lilinyamaza. Nilitamani aniadhibu tuyamalize, lakini alivuta stuli, akanipa dropa na kusema, "Tia ndimu tone moja moja, na uandike unachokiona wewe."

Matone mawili: bluu, ila ule ukijani umetoweka. Matone manne: bluu yenye zambarau, na vipovu vidogo vikipanda kutoka chini. Sita: zambarau inayoelekea waridi. Kumi: nyekundu ya waridi, wazi kabisa. Ndimu haikuwa imegoma. Matone yangu mawili ya kwanza yalikuwa yamemalizwa na magadi yaliyomo kwenye juisi, na vile vipovu vilikuwa kabonidayoksaidi ikitoka kila asidi ilipokutana na kabonati. Mpaka magadi yaishe, pH haishuki vya kutosha, na rangi haina sababu ya kugeuka.

Nikadhani tumemaliza. Mwalimu akaleta maji ya magadi, akasema nirudi nyuma kwenye testityubu ileile. Tone kwa tone, waridi ikawa zambarau, zambarau ikawa bluu, bluu ikaingia kijani. Akauliza, "Ndimu iko wapi?" Nikasema imo humo humo. "Sasa mbona si nyekundu?"

Nilikaa na swali hilo hadi kengele ilipolia. Mpaka siku ile nilikuwa nikikariri kwamba ndimu ni nyekundu na sabuni ni kijani, kana kwamba rangi ni sifa ya kitu, kama jina lake. Kumbe juisi ya kabichi haijui ndimu wala sabuni. Inachokijua ni wingi wa ioni za haidrojeni zilizomo majini wakati huo, na ndio unaopimwa kwa pH: zikizidi, pH inashuka. Karibu na pH 2 ni nyekundu, kwenye 7 ni zambarau, 8 hadi 9 ni bluu, 10 na kuendelea inaingia kijani, na juu kabisa, kwenye kostiki soda, inakuwa njano.

2. Fahamuni kwa nini, maana wanafunzi watawauliza. Rangi hiyo ni anthosianini. Kwenye asidi molekyuli yake imebeba haidrojeni ya ziada na tunaiona nyekundu. pH inavyopanda inaachia haidrojeni hatua kwa hatua, na kila hatua inafyonza mwanga tofauti, ndipo zambarau na bluu zinapokuja. Kwenye besi kali pete iliyo katikati ya molekyuli hufunguka na kuwa ya njano. Kijani mnachokiona ni bluu na njano zikiwa pamoja. Ndiyo maana testityubu ya kostiki soda ukiiacha mezani inatoka kijani kwenda njano ikiwa imetulia tu, na hata ukitia asidi baadaye ile nyekundu kamili hairudi, kwa kuwa sehemu ya rangi imeshaharibika.

Hapo hapo niwaonye kuhusu dawa ya klorini ya kutolea madoa. Kuna mwanafunzi aliitia, juisi ikapauka hadi kuwa kama maji, akaandika "pH haina rangi." Klorini inaivunja rangi yenyewe. Juisi iliyopauka haikuambii pH yoyote.

3. Wekeni testityubu moja ya juisi na maji yaliyotoneshwa tu, ikae pembeni kila mara kwa ajili ya kulinganisha, na karatasi nyeupe nyuma yake. Sufuria ya alumini achaneni nayo hata ikiwa imeoshwa vizuri, kwa sababu alumini ikiyeyuka hushikana na anthosianini na kuivuta kwenye bluu. Na msiahidi namba kamili: kabichi itakutofautishia 3 na 8, lakini 6 na 6.5 hapana, hapo tafuteni mita.

Yule mwalimu wa fildi nilimpa dropa, nikavuta stuli. Maji yetu ya bomba huku chini ya Meru yana baikabonati nyingi, kwa hiyo hata bila magadi pH ya juisi yake ilikuwa imeshapanda. Tone la tano ndilo lililogeuza. Alipiga kelele hadi darasa la jirani wakachungulia, kisha akafungua daftari na kukata mstari aliokuwa ameandika, "ndimu si asidi." Nikamwomba asiufute. Aandike chini yake idadi ya matone.